Kwa nini 1 + 2 + 4 + 8 + 16 hupungukiwa na moja tu kufika 32? Naomba sababu, kanuni ninayo

#1 MzaziMakini

Habari za jioni wanajukwaa. Jana usiku nilikuwa jikoni nikichambua mchele, na binti yangu wa darasa la sita alikuwa ameketi kwenye kigoda akijaza namba kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake. Alianza na 1, akaandika 2, kisha 4, 8 na 16, kila namba ikiwa mara mbili ya ile iliyotangulia, na chini ya kila moja akaandika kwa penseli jumla aliyoifikia: 1, 3, 7, 15, 31. Akaniuliza kwa nini jumla kila mara inapungukiwa na moja tu kuifikia namba inayofuata, nami nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kanuni yake. Akanitazama akasema, "Mama, hiyo si sababu."

Nimekaa nalo hadi leo. Nimeendelea mpaka 512, jumla ikawa 1,023, na inayofuata ni 1,024. Kwa hiyo sihitaji kuthibitishiwa kwamba ni kweli. Ninachoomba ni sababu ambayo mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kuiona, na ikiwezekana mama yake pia.

#2 Mwalimu wa Chaki

Dada, binti yako ameuliza vizuri. Mwandikie jumla yote kwenye mstari mmoja, kisha mstari wa chini mwandikie jumla ileile ikiwa imezidishwa kwa mbili, na kila namba uisogeze ikae chini ya mwenzake anayelingana naye:

```
1 + 2 + 4 + 8 + 16
    2 + 4 + 8 + 16 + 32
```

Atagundua mwenyewe kwamba mistari hii miwili karibu ifanane. Namba 2, 4, 8 na 16 zipo juu na zipo chini. Mstari wa juu una 1 ambayo wa chini hauna, na wa chini una 32 ambayo wa juu hauna. Sasa, mstari wa chini ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo ukitoa wa juu kutoka kwa wa chini unabaki na mstari wa juu wenyewe, na wakati huohuo unabaki na 32 kutoa 1. Basi jumla ni 31. Nilifundisha njia hii kwa miaka mingi na sijaona fupi kuishinda.

#3 Utepe na Sindano

Shikamoo Mwalimu. Mistari yako nimeifuata na sina ubishi nayo, lakini nilipomaliza kuisoma nilijikuta nimekubali bila kuona, na nadhani mtoto naye atajikuta hapohapo.

Mimi ni fundi cherehani, na jambo hili nililiona kwenye utepe. Chukua utepe wa sentimita 64. Ukunje katikati, ukate, nusu moja yenye sentimita 32 iweke mezani, nusu ya pili ibaki mkononi. Iliyo mkononi ikunje tena, kata, weka mezani 16. Kisha 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1. Ulipofika hapo, mkononi umebakiwa na kipande cha sentimita 1, maana kila mara kilichobaki mkononi kinalingana na kile ulichokiweka mezani mara ya mwisho. Mezani kuna 32 na 16 na 8 na 4 na 2 na 1. Utepe wote ulikuwa 64, kwa hiyo mezani lazima kuwe na 63. Ile moja inayokosekana haikupotea, umeishika.

#4 Mwalimu wa Chaki

Marahaba. Huo utepe ningeupata enzi zile nikiwa darasani ningeutumia kabla ya kushika chaki.

#5 Ukoo Mkubwa

Samahani wakuu, mimi naona kanuni yenyewe si sahihi. Nimekuwa nikiandika ukoo wetu kwa muda mrefu. Kila mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, wazazi wa hao ni 8, na kizazi cha juu yao ni 16. Jumlisha 2 na 4 na 8 na 16, unapata 30. Kizazi kinachofuata ni 32. Upungufu hapo ni mbili, na nimejaribu vizazi vingine, kila mara ni mbili. Mleta mada labda aliangalia vibaya daftari la mtoto.

#6 Kipenga

Ukoo Mkubwa, hesabu yako ni sahihi ila umejisahau mwenyewe. Mtoto alianza na 1, wewe umeanza na 2. Jiandike chini ya wazazi wako, mtu mmoja, na jumla itakuwa 31. Hao wote ndio ukoo, nawe umo.

Nije kwenye swali. Mimi ni mwamuzi wa soka wa ngazi ya wilaya, na ratiba za mtoano nimezipanga nyingi. Chukua timu 16. Raundi ya kwanza ina mechi 8, robo fainali 4, nusu fainali 2, fainali 1. Sasa niulize mechi zote ni ngapi. Mtu anaweza kujumlisha 8 na 4 na 2 na 1. Mimi sijumlishi. Mimi nauliza ni timu ngapi zinarudi nyumbani zikiwa zimefungwa. Zipo 16, bingwa ni mmoja, kwa hiyo zilizofungwa ni 15, na kila mechi hutoa timu moja tu, si zaidi wala si pungufu. Basi mechi ni 15.

Dada mleta mada, mwambie binti kwamba ile moja inayokosekana ni bingwa. Kila mwingine ana mechi moja iliyomtoa, yeye hana.

#7 Mpekuzi

Kipenga, maelezo yako yamenifurahisha, lakini kuna mambo mawili ya kurekebisha.

La kwanza ni dogo. Mtu akichukua maelezo haya akayapeleka kwenye Kombe la Dunia la 2022 atachanganyikiwa, kwa sababu hatua ya mtoano ilianza na timu 16 na mechi zikawa 16, si 15. Iliongezeka ile ya mshindi wa tatu, ambayo wanacheza watu waliokwisha kufungwa, kwa hiyo haimtoi mtu.

La pili ni zito zaidi. Hoja yako ya waliofungwa haihitaji kabisa namba zinazoongezeka maradufu. Timu zikiwa 11, mechi za mtoano ni 10, hata ratiba ipangwe vipi. Kwa hiyo najiuliza: umeeleza kwa nini jumla ya 8, 4, 2 na 1 ni 15, au umeeleza jambo jingine kubwa zaidi ambalo hili limejikuta ndani yake?

#8 Kipenga

Mkuu, kwenye mshindi wa tatu umenishika sawasawa. Ile nimeipuliza mwenyewe mara nyingi na bado nimeisahau.

Kwenye la pili nadhani umenisaidia badala ya kunipinga. Zikiwa timu 11, raundi ya kwanza timu moja hukaa nje ikisubiri, ndipo zinachezwa mechi 5. Wanabaki 6, mechi 3. Wanabaki 3, mmoja anasubiri, mechi 1. Wanabaki 2, mechi 1. Jumla 5 na 3 na 1 na 1, nayo ni 10. Hesabu inatimia, ila namba zake hazina mpangilio wa kuvutia kwa sababu kuna watu wanaosubiri. Pale ambapo hakuna anayesubiri raundi yoyote, ndipo mechi zinashuka 8, 4, 2, 1. Kwa hiyo sababu ni ileile, na vipeo vya mbili ni ile hali ambayo ratiba inagawanyika bila baki tangu mwanzo hadi mwisho.

#9 Mpekuzi

Nimekuelewa. Bado sijashawishika kwamba sababu ya jambo pana huwa ndiyo sababu ya jambo dogo lililo ndani yake, ila nitaiacha hapo kwa sasa.

#10 Dereva wa Usiku

Nimesoma uzi huu nikiwa kituoni nasubiri abiria, na nimeona niseme langu, kwa sababu hesabu hii ilinigharimu fedha kabla sijaijua.

Kulikuwa na kipindi nilikuwa nabeti. Rafiki mmoja akanifundisha kwamba mtu hawezi kupoteza akifuata njia moja: weka dau la shilingi 500 kwenye mechi ambayo ukishinda fedha inarudi mara mbili, ukipoteza weka 1,000, ukipoteza tena weka 2,000, na uendelee hivyo mpaka ushinde, maana siku ukishinda utarudisha yote. Nilikuwa na 100,000, nikaona ni mtaji wa kutosha kabisa. Nikapoteza 500, 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000 na 32,000. Mara saba mfululizo. Nilipokaa kujumlisha nikakuta nimepoteza 63,500, na dau linalofuata lilikuwa 64,000. Mfukoni nilikuwa na 36,500. Njia ikaishia hapo.

Kilichoniuma baadaye si kupoteza tu. Niligundua kwamba hata ningekopa nikapata hiyo 64,000, na ningeshinda, ningepata faida ya 64,000 juu ya dau, nikatoa 63,500 nilizokwisha kupoteza, nikabaki na shilingi 500. Ningeweka rehani jumla ya 127,500 kwa ajili ya shilingi mia tano. Mistari ya Mwalimu ningeijua mapema ningeiona kwenye dau la kwanza.

Ila kuna kitu nauliza. Kwangu upungufu haukuwa moja, ulikuwa mia tano.

#11 Mwalimu wa Chaki

Pole sana kijana wangu, na asante kwa kulisema wazi, kuna vijana wengi wanaofundishwa njia hiyo leo.

Upungufu ni ile namba uliyoanza nayo. Rudi kwenye mistari miwili: ile inayobaki peke yake upande wa kushoto ni ya kwanza, iwe 1, iwe 500. Ndiyo maana Ukoo Mkubwa alipungukiwa na 2. Ukianza na 3, ukaenda 6, 12, 24, jumla ni 45 na inayofuata ni 48. Moja ya mtoto inatokana na kwamba alianza na moja.

#12 Ukoo Mkubwa

Nimekubali, na nimejiandika kwenye karatasi.

#13 Mpwani

Nawasalimu. Bibi yangu alikuwa akiuza nafaka kwa vipimo vya zamani, na nadhani vinajibu swali hili kwa njia ambayo hakuna aliyeitaja. Kulikuwa na kibaba, kulikuwa na kisaga ambacho ni vibaba viwili, na kulikuwa na pishi ambayo ni vibaba vinne. Moja, mbili, nne. Aliviweka vitatu hivyo juu ya jamvi, na mteja akija akitaka kiasi chochote cha vibaba, bibi alipima bila kujaza chombo kimoja mara mbili. Vibaba vitatu ni kisaga na kibaba. Vitano ni pishi na kibaba. Sita ni pishi na kisaga. Saba ni vyote vitatu kwa pamoja. Mteja akitaka vinane, hapo ndipo bibi alilazimika kurudia pishi.

Sababu ninayoiona ni hii. Kila chombo ama kinatumika ama hakitumiki, njia mbili tu. Kwa vyombo vitatu, hiyo ni 2 mara 2 mara 2, yaani namna 8 za kupima, ikiwemo ile ya kutokupima chochote. Namna 8 zinajaza viasi kuanzia sifuri hadi saba. Kwa kuwa sifuri imechukua nafasi moja, kiasi kikubwa kabisa kinaishia saba badala ya nane. Moja inayokosekana imekaliwa na sifuri.

#14 Mpekuzi

Mpwani, mfano wako ni mzuri kuliko yote kwa mtoto, lakini hoja ina ufa, na ningependa uuzibe kabla hatujaipitisha. Umesema namna 8 zinajaza viasi vya sifuri hadi saba. Umejuaje kwamba hakuna namna mbili zinazotoa kiasi kimoja? Vyombo vingekuwa vya vibaba 1, 2 na 3, namna bado zingekuwa 8, lakini kiasi cha 3 kingepatikana kwa njia mbili, na kikubwa kabisa kingekuwa 6. Na ukitaka kunithibitishia kwamba kwa 1, 2 na 4 hakuna kujirudia, utaniambia kwamba vyombo vidogo vyote kwa pamoja haviwezi kuifikia pishi. Hilo ndilo jambo tunalolitafutia sababu.

#15 Mpwani

Nimelala nalo, ndugu yangu, nimerudi nalo asubuhi. Nadhani ufa unazibika kwa kuongeza chombo kimoja kimoja.

Kuwa na kibaba peke yake: unapima 0 na 1. Lete kisaga. Vile viasi viwili vya mwanzo vinabaki kama vilivyo, na ukivijaza juu ya kisaga vinakuwa 2 na 3. Sasa una 0 hadi 3 bila pengo wala marudio. Lete pishi. Viasi vyote vinne vinabaki, na juu ya pishi vinakuwa 4, 5, 6 na 7. Kila chombo kipya kinaanzia palepale vidogo vilipoishia, na kinanakili safu yote ya nyuma kwa mbele. Kikija cha vibaba nane kitanakili 0 hadi 7 kuwa 8 hadi 15. Vyombo vyako vya 1, 2 na 3 vinagongana kwa sababu cha tatu kimeletwa mapema, kabla viasi vya nyuma havijaisha.

#16 Mpekuzi

Sasa haina ufa. Ila naona kwamba umeacha kuhesabu namna na umeanza kupanda ngazi hatua kwa hatua: ikiwa ni kweli kwa vyombo vitatu, ni kweli kwa vinne. Hiyo ni njia sahihi. Nashindwa tu kuiita sababu ya aina tofauti na ile rahisi kabisa ambayo mtu angeweza kuitoa, kwamba 15 ni 16 kasoro moja, ukiongeza 16 unapata 32 kasoro moja, na ile kasoro inabebwa kutoka hatua moja hadi nyingine bila kuguswa na mtu.

#17 Utepe na Sindano

Mbona hiyo "rahisi kabisa" ndiyo nzuri? Mtoto ana 1, 2, 4, 8, 16. Mwongezee 1 mkononi. Moja na moja ni mbili, sasa ana mbili mbili, ambazo ni nne, nne na nne ni nane, nane na nane ni kumi na sita, kumi na sita na kumi na sita ni thelathini na mbili. Zimeangukiana zote mpaka mwisho kwa kuongezwa moja tu. Kwangu hiyo ni sababu tosha.

#18 Kidato cha Sita

Wakubwa shikamooni. Nina jambo linanisumbua kuhusu njia ya Mwalimu kwenye #2. Nimeitumia kwenye orodha isiyo na mwisho, 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea. Jumla nikaiita J. Mara mbili ya J ni 2 + 4 + 8 + 16 na kuendelea, ambayo ni orodha ileile bila 1 ya mwanzo, yaani J kutoa 1. Kwa hiyo 2J = J − 1, na J = −1. Nimejumlisha namba chanya tupu nikapata hasi. Nimekosea wapi, au njia yenyewe ina kasoro?

#19 Mwalimu wa Chaki

Marahaba mwanangu. Tazama mistari miwili kwa makini. Kwenye orodha yenye mwisho, mistari hutofautiana pembe zote mbili: kushoto 1 haina mwenzake, na kulia 32 haina mwenzake. Wewe ulipoondoa mwisho, umefuta ile ya kulia, na hiyo ndiyo iliyokuwa imebeba karibu jumla yote. Ukabaki na "kutoa 1" peke yake. Halafu ulipoandika herufi J, ulidhani tayari kwamba jumla hiyo ni namba fulani iliyopo. Fuata jumla zenyewe: 1, 3, 7, 15, 31. Hazikaribii −1, kila hatua zinaiacha mbali zaidi. Njia haina kasoro, ila haikuahidi chochote kwa orodha isiyo na mwisho.

#20 Msimbo32

Mwalimu, kwa heshima zote, kuna mahali ambapo jibu la kijana linatokea kweli, nami nimelikuta kazini. Naandika programu, na kwenye Java namba ya aina ya `int` ina nafasi 32 tu za kuhifadhi 0 na 1. Jaribuni hii:

```java
int jumla = 0, kipeo = 1;
for (int i = 0; i < 32; i++) {
    jumla += kipeo;
    kipeo *= 2;
}
System.out.println(jumla);
```

Inachapisha `-1`. Ukibadilisha 32 kuwa 31 inachapisha `2147483647`, ambayo ndiyo namba kubwa kabisa inayoweza kukaa humo. Mara ya kwanza niliiona −1 kwenye ripoti ya hesabu nikatumia mchana mzima kutafuta nilipotoa kitu, kumbe nilikuwa nimejumlisha tu.

Sababu ninayoipenda ni hii: chapisha pia `kipeo` baada ya mzunguko kwisha, utapata `0`, kwa sababu ile 1 imesukumwa nje ya nafasi 32 ikadondoka. Kipeo kinachofuata ni sifuri, na jumla ni moja pungufu ya kipeo kinachofuata. Moja pungufu ya sifuri ni −1. Kanuni ya binti wa mleta mada imeshikilia hadi mahali ambapo namba zenyewe zimeisha.

#21 Kidato cha Sita

Kwa hiyo sikukosea?

#22 Mpekuzi

Ulikosea kwa namba za kawaida, na Mwalimu amekueleza ulipokosea. Mashine ya Msimbo32 haijumlishi kama sisi, inazunguka kama saa ya ukutani ambayo baada ya 12 inarudi 1. Kwenye saa yenye alama nyingi kiasi hicho, −1 na ile namba ya mwisho kabla ya kurudi sifuri ni alama moja.

#23 Msimbo32

Sikatai kwamba inazunguka. Ninachosema ni kwamba ukipanua nafasi ziwe 64, jibu bado ni −1, na ziwe ngapi vyovyote, bado ni −1. Kitu kinachotoa jibu moja kila ukikipanua sioni kwa nini nikiite ajali ya mashine.

#24 Mpekuzi

Sikukiita ajali. Ila mashine yoyote utakayotaja ina ukingo, na orodha ya kijana haina. Hapo hatutakubaliana leo.

#25 Mpwani

Mkiwa mmefika kwenye 64, niongeze jambo moja la kale. Al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarizm aliyezaliwa 973, alikokotoa jumla ya namba zinazoongezeka maradufu kwenye ubao wa sataranji, mraba wa kwanza 1, wa pili 2, wa tatu 4, mpaka wa 64. Hakuhitaji kujumlisha miraba 64. Alijua kwamba jumla yote ni moja pungufu ya mraba wa 65 ambao haupo, basi kazi ikabaki kuufikia huo. Njia ni kuzidisha namba kwa yenyewe: 2 inatoa 4, 4 inatoa 16, 16 inatoa 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296, na mara ya sita 18,446,744,073,709,551,616. Toa moja, umemaliza, ni 18,446,744,073,709,551,615. Kuzidisha mara sita kumefanya kazi ya kujumlisha mara sitini na tatu. Kwa hiyo ile moja inayokosekana, licha ya kuwa fumbo, humpunguzia mtu kazi ya siku nzima.

#26 MzaziMakini

Nimerudi, na nawashukuru wote. Jana nilimkalisha binti nikampa utepe wa dada Utepe na Sindano, akaukata mpaka akafika kipande kidogo, akakishika akasema "hiki ndicho." Nikadhani tumemaliza. Kisha nikamsomea ya bingwa, akanyamaza kidogo, akasema anaipenda ya bingwa zaidi kwa sababu utepe ungeweza kukatwa vibaya lakini bingwa hawezi kuwa wawili. Kwa hiyo Mpekuzi, yupo mtu mmoja nyumbani kwangu ambaye kwake hiyo ndiyo sababu.

Ila amekuja na jipya leo asubuhi kabla ya kwenda shule. Amejaribu kwa tatu: 1, 3, 9, 27. Jumla ni 40, na inayofuata ni 81. Haikukosa moja, imekosa 41. Ameniuliza bingwa ameenda wapi, na mimi sina jibu.

#27 Kipenga

Dada, mwambie bingwa yupo. Badala ya mpira, apange mbio za mchujo zenye wakimbiaji 81, kila mbio wakimbiaji watatu, na anayepita ni mmoja. Mbio za kwanza ni 27, wanabaki 27. Kisha mbio 9, kisha 3, kisha 1 ya mwisho. Jumla ya mbio ni 40. Kila mbio zinawatoa wawili, kwa hiyo waliotolewa ni 80, na wa 81 ndiye bingwa. Akizidisha jumla yake kwa mbili kisha akaongeza moja atafika 81 kila mara.

Akimaliza ajaribu kwa nne, aniambie kila mbio zinawatoa wangapi.

#28 Utepe na Sindano

Na utepe nao ajaribu kuukata katika tatu, mbili mezani, moja mkononi. Ya mkononi bado itakuwa moja.